Dakika Tatu Mbele ya Sheikh na Askofu

Likizo ndefu inakaribia na wengi wetu tutarudi vijijini. Ukishuka basi Kayanga au Nkwenda na begi lako mgongoni, habari inakuwa imeshakutangulia: mtoto wa chuo amerudi. Hapo ndipo kazi zinapoanza. Utaandika barua za majirani, utasoma risala kwenye harusi, na kama kuna kongamano la amani la dini zote pale Kibingo, mwenyekiti atakuvuta pembeni na kukwambia, "Wewe ndiye msomi wetu. Utasema neno kwa niaba ya vijana. Dakika tatu tu, usizidishe."

Wengi wetu tukipewa kazi hiyo tunafanya jambo moja. Tunaandika kwamba amani ni tunu, kwamba vijana ni taifa la leo, kwamba dini zote zinahubiri upendo, kisha tunashukuru na kukaa. Watu wanapiga makofi kwa adabu. Jioni yake muulize yeyote aliyekuwepo kijana alisema nini, hakumbuki. Hakuna aliyeudhika, ni kweli, lakini ni kwa sababu hakuna kilichosemwa.

Hoja yangu ni hii: hotuba isiyopendelea dini yoyote si lazima iwe tupu. Haki kati ya dini haipatikani kwa kukwepa kila kitu, wala kwa kugawa mistari ya Biblia na aya za Kurani kama mtu anayegawa ubwabwa kwenye sahani. Inapatikana katika mambo manne madogo ambayo msemaji anayaamua akiwa bado nyumbani na kalamu: atasalimia vipi, neno "sisi" litamhusu nani, hadithi yake ataitoa wapi, na kidonda atakitaja namna gani. Tuyaangalie moja moja, kisha nitakuwekea hotuba nzima uione.

Tuanze na salamu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa kabla hawajaanza. Mazoea yetu Tanzania ni kuzipanga salamu zote kwa foleni: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, Asalamu aleikumu, Shalomu. Nia ni njema na wakubwa wengi wanafanya hivyo. Lakini sikiliza ukumbi unavyoitika. Salamu ya kwanza inajibiwa na upande mmoja, ya pili inajibiwa na upande mwingine, ya tatu inapata sauti chache kule nyuma. Kabla hujasema neno la amani, umeshawahesabu watu kwa dini zao, na kila mmoja amesikia wenzake wako wangapi. Halafu kuna suala la nani ametangulia. Ukianza na hii, wale watasema wamewekwa wa pili. Na hata ukipanga vizuri namna gani, kuna atakayeachwa, kwa sababu foleni ya salamu haina mwisho na dakika zako ni tatu.

Tangu 2021 tumezoea salamu nyingine, ile ya Rais Samia ya kusalimia kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na watu kuitika kwamba kazi iendelee. Hiyo imemaliza tatizo la dini kwa ujanja mzuri, kwa kuwa Jamhuri ni ya wote. Ila ikitoka mdomoni mwa kijana kijijini inaleta harufu ya ofisi. Wapo watakaodhani umetumwa na serikali, na kwenye mwaka wa uchaguzi watadhani umetumwa na zaidi ya serikali.

Mimi nasema tunayo salamu bora kuliko zote hizo, na tumeibeba tangu utotoni. Ni shikamoo. Kijana akisimama mbele ya sheikh, askofu, mchungaji, bibi wa kanisani na babu asiyekwenda popote, akasema "Wazee wetu, shikamooni," wote wanajibu neno moja kwa wakati mmoja: marahaba. Salamu hiyo inapanga watu kwa umri, haiwapangi kwa imani, na umri ni jambo ambalo hakuna mtu wa Kibingo atakayeona ameonewa kwalo. Sauti ya kwanza ya mkutano inakuwa ya viongozi wa dini wakiitika pamoja. Hiyo peke yake ni nusu ya hotuba, na imekugharimu sekunde tano.

La pili ni neno "sisi". Linaonekana dogo lakini ndilo linalomfichua msemaji. Sikiliza sentensi hii: "Sisi pamoja na ndugu zetu Waislamu tunapaswa kupendana." Au igeuze: "Sisi pamoja na ndugu zetu Wakristo." Msemaji anadhani ametoa mkono wa udugu. Aliyekaa upande wa pili anasikia kitu kingine: kwamba mkutano huu una wenyeji, na yeye ni mgeni aliyekaribishwa kwa heshima. Neno "ndugu zetu" linapowekwa juu ya kundi moja tu, linalitoa kundi hilo nje ya "sisi". Dawa yake ni rahisi. Amua mapema kwamba "sisi" yako ni vijana wa Kibingo, kisha usiibadilishe hadi mwisho. Ukitaka kutaja Waislamu, wataje kama sehemu ya sisi. Ukitaka kutaja Wakristo, fanya vilevile.

Hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia kuliko unavyodhani. Kimekaa na dini zote muda mrefu hadi kimejenga maneno ambayo kila mtu anayaona ya kwake. Mungu, ibada, sadaka, baraka, toba, malaika, kufunga, marehemu: hayo utayasikia msikitini na kanisani pia. Lakini yapo maneno pacha yanayokaribiana sana na bado yana mwenyewe. Mkristo anasema sala, Mwislamu anasema swala. Mkristo anafunga maombi kwa Amina, Mwislamu anafunga dua kwa Amin. Ukisema "Bwana" bila kuongeza kitu, masikio mengi yanasikia Yesu. Basi ukitaka neno la wote, sema ibada, usiseme sala. Sema nyumba za ibada, kama unazungumzia zote. Sema Mungu, neno ambalo wimbo wetu wa taifa unalibeba na linaimbwa na kila mtoto shuleni bila mzazi kulalamika. Na usimalize kwa Amina, maana ukimaliza hivyo umegeuza hotuba kuwa maombi, na kuongoza maombi hukutumwa.

Kuna na wale tunaowasahau kila mara. Kule kwetu Karagwe na Kyerwa, kabla ya msikiti wa kwanza na kanisa la kwanza, wazee walikuwa na jina la Muumba, Ruhanga, na walikuwa na ibada zao. Wajukuu wao wamekaa kwenye viti vile vile vya plastiki wakikusikiliza. Ukisema kwamba zamani watu wetu waliishi gizani hadi dini ilipoletwa, umewapendelea wawili na kumtukana wa tatu, ambaye ni babu ya wote waliopo.

Tahadhari moja zaidi ndani ya jambo hili: usiseme "sisi tulio wengi". Sensa ya 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini mwetu kuuliza watu dini zao. Baada ya hapo swali hilo liliondolewa, na kila sensa iliyofuata imepita bila kulirudisha. Kwa hiyo anayesimama leo na kutamka dini fulani ina asilimia ngapi ya Watanzania hana hesabu ya serikali mkononi. Anakisia tu, na makisio ya namna hiyo hayajawahi kutuliza ukumbi.

La tatu ni hadithi. Hotuba fupi inahitaji hadithi moja, na kishawishi kikubwa ni kuichota kwenye kitabu kitakatifu. Ukichota kwenye kimoja tu, umependelea. Ukichota kwenye viwili, dakika zimekwisha, na viongozi walioketi mbele wanajua vitabu hivyo kuliko wewe. Bora uchote kwenye ardhi mnayoikanyaga wote. Kagera ina hadithi nyingi za namna hiyo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 halikuuliza mtu anaswali wapi lilipobomoa nyumba. Lakini kwa Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi 2012, mimi ningechagua hadithi ya zamani zaidi, ya Rumanika.

Rumanika alikuwa Mukama wa Karagwe, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, Waislamu, walikuwa na kituo chao Kafuro, ndani ya nchi yake, wakifuata hasa pembe za ndovu. Mwishoni mwa 1861 wakaja Waingereza wawili, John Speke na James Grant, Wakristo, wakitafuta chanzo cha Mto Naili. Rumanika hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Aliwapokea wote. Grant akaugua mguu vibaya kiasi kwamba hakuweza kutembea. Januari 1862 Speke akaendelea na safari kuelekea Buganda, Grant akabaki mikononi mwa mwenyeji wake hadi Aprili. Miezi mitatu, mgeni mgonjwa, wa imani ngeni, mbali na kwao.

Tusiipake hadithi hii sukari. Rumanika alikuwa mtawala, naye alikuwa na faida zake katika biashara ile, na wageni hawakuja kwa mapenzi matupu. Lakini kwa kazi yetu ina sifa moja kubwa: haina mimbari. Sheikh hawezi kudai ni yake peke yake, askofu naye hawezi, na wote wawili wamo ndani yake kama wageni waliopokewa. Mwenye nyumba ni Karagwe. Hadithi inayomweka kila mtu mahali pa mgeni aliyetendewa wema ni ngumu sana kuigeuza kuwa ya upande mmoja.

La nne ndilo gumu: kidonda. Wengi watakushauri usiguse kabisa. "Tumekuja kuzungumza amani, mambo ya fujo ya nini?" Mimi sikubaliani nao. Mkutano wa amani unaitishwa kwa sababu kuna mahali amani iliwahi kutoroka, na kila aliyekaa pale anapajua. Usipopataja, wazee wataona unawasomea insha.

Na sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Tafakari hilo: chanzo kilikuwa kitoweo, kitu cha buchani. Septemba 2015, Bukoba, hapo hapo mkoani kwetu, makanisa kadhaa yalichomwa moto. Na kabla ya hayo, Novemba 2012, Zanzibar, Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali.

Sasa unayatajaje bila kupendelea? Wengine wanajaribu kwa kuficha: badala ya kusema makanisa wanasema "baadhi ya nyumba za ibada", badala ya sheikh wanasema "kiongozi mmoja". Hiyo naiona ni kosa. Aliyeumia ana haki ya kutajwa kwa jina lake. Kusema kanisa lilichomwa si kuwapendelea Wakristo, ni kusema kilichotokea. Kusema sheikh alimwagiwa tindikali si kuwapendelea Waislamu. Upendeleo unaingia pale unapompa mtenda kosa dini. Ukisema "Waislamu walichoma" au "Wakristo walimwagia", umeacha kumshtaki mtu na kushtaki maelfu, wakiwemo waliokaa mbele yako na watoto wao magotini. Kanuni yangu basi ni nyepesi kukumbuka: mtaje aliyeumia, kitaje kitendo, muache mtuhumiwa kwa polisi na mahakama. Sarufi yetu inaruhusu hilo vizuri tu. "Yalichomwa", "aliuawa", "alimwagiwa". Kwa kawaida walimu wanatuonya kwamba kauli ya namna hii inaficha mtenda, ila hapa tunaitaka kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya kidonda, watu wanataka kujua vijana wataifanyia nini amani. Hapa matumaini yanaanguka mara nyingi, kwa sababu tunaahidi mambo makubwa yasiyo na tarehe. Kuna utafiti mmoja uliofanyika Nyakatoke, kijiji kidogo cha kaya 119 hapa hapa Kagera, upande wa Bukoba Vijijini. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt na wenzake waliziuliza kaya zote: ukipata shida, unamtegemea nani? Ilionekana kwamba mtandao wa kusaidiana unafuata undugu, ukaribu wa nyumba, ukoo, hali ya mali, na pia dini. Yaani katika kijiji ambacho watu wanasalimiana kila asubuhi, bado mtu akikwama ana mwelekeo wa kukimbilia wa dini yake.

Sioni ubaya wowote katika hilo, watu wanasaidiana na wale wanaokutana nao kwenye ibada. Lakini kuna matokeo yake. Uvumi ukizuka saa mbili usiku kwamba kuna jambo limetokea msikitini au kanisani, simu zinapigwa ndani ya mtandao ule ule wa dini moja. Mwislamu anampigia Mwislamu, Mkristo anampigia Mkristo, na kila upande unathibitishiwa hofu yake na watu wenye hofu ile ile. Meseji inasambazwa kwenye makundi kabla hata mtu mmoja hajauliza ng'ambo. Kwa hiyo ombi la maana ambalo kijana anaweza kulitoa si "tupendane". Ni kufungua njia chache za simu zinazovuka, kabla hazijahitajika.

Haya, tuyaweke pamoja. Dakika tatu ni maneno kama mia tatu ukisoma kwa utulivu na kuwapa watu nafasi ya kuitika. Hotuba yenyewe ingeweza kuwa hivi:

"Viongozi wetu wa dini, wazee wetu wote, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za leo?

Nimetumwa na vijana wa Kibingo. Tuliokaa kupanga maneno haya tunaabudu mahali tofauti, na mchana tunachota maji kisima kimoja.

Mwaka 1861 Mukama Rumanika alipokea wageni pale Bweranyange. Kafuro alikuwa tayari na wafanyabiashara Waislamu. Mwaka ule wakaja Waingereza wawili, Wakristo. Mmoja wao, Grant, akaugua mguu, hakuweza kutembea. Mwenzake akaendelea na safari, yeye akabaki hapa miezi mitatu, akitunzwa kwa Rumanika. Mwenyeji hakuwa wa dini ya hawa wala ya wale. Alikuwa mtu wa Karagwe, na nyumba yake ilikuwa na nafasi. Sisi ni wajukuu wa nyumba ile.

Hatukuja kusema kwamba hakuna lililowahi kuharibika. Mwaka 2012 Zanzibar, sheikh alimwagiwa tindikali. Mwaka 2013 Buseresere, mchungaji aliuawa katika ugomvi wa kuchinja. Mwaka 2015 Bukoba, makanisa yalichomwa. Walioumia ni wetu wote. Waliotenda wana majina yao, na majina hayo si ya dini yoyote.

Sisi vijana tumejifunza kwamba jambo linaanza dogo. Linaanza na nyama, au na meseji ya usiku. Kwa hiyo leo tunaomba kitu kimoja. Kila msikiti, kila kanisa, na kila ukoo usio na mojawapo ya hayo, utoe vijana wawili. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi moja kabla hatujala. Siku tukisikia neno baya juu ya wenzetu, hatulisambazi. Kwanza tunampigia mmoja wa upande ule na kumuuliza, ni kweli?

Wazee, tunaomba nanyi mtusaidie jambo moja: mtu akiwaletea uvumi, mwambieni aende kwanza kwa wale vijana wa karatasi.

Baada ya miezi sita tukutane tena hapa. Tutakuja na hesabu: simu ngapi zilipigwa, na mambo mangapi yaliishia kwenye simu. Tunaamini hesabu hiyo itakuwa ya kufurahisha, kwa sababu vijana wanne wameshaandika namba zao asubuhi hii.

Asanteni kwa kutusikiliza."

Angalia kwamba msemaji hakusema popote yeye ni wa dini gani. Najua kuna msomaji atakayesema huo ni unafiki, kwamba mtu mwenye imani aione fahari kuitaja popote. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini siku ile hukusimama kwa jina lako. Umetumwa na vijana, na aliyetumwa anabeba mzigo wa waliomtuma. Ukishuka jukwaani, mtu akakuuliza unaabudu wapi, mwambie bila kona. Kinachokatazwa ni kuwafanya waliokutuma wazungumze kwa imani yako bila ridhaa yao.

Wengine watasema matukio ya 2012, 2013 na 2015 yamepita, kwa nini kijana ayafukue? Nakubali kwamba kuna mahali si pa kuyataja. Kama tukio limetokea mwezi uliopita, na kesi iko mahakamani, na jamaa wa pande zote wamekaa mstari wa mbele, basi kulitaja jukwaani kunaweza kuwasha moto. Muulize mwenyekiti, na waulize jamaa wenyewe. Lakini miaka ikishapita, kilichofichwa ndicho kinachosumbua.

Jambo la mwisho ni jinsi ya kujua kama umefanikiwa kabla hujafika jukwaani. Usiijaribu hotuba kwa rafiki yako wa chumbani mnayeenda naye ibada moja, maana masikio yenu yanafanana. Mpe mtu wa dini nyingine aisome, na usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri. Muulize hivi: "Ni sentensi ipi imekufanya ujisikie mgeni?" Atakuonyesha kwa kidole. Mara nyingi itakuwa ni "sisi" iliyoteleza, au neno kama "walokole" au "wapagani" uliloliandika bila kufikiri. Halafu isome kwa sauti ukitazama saa. Ikipita dakika tatu, punguza, na cha kwanza kukata kiwe zile sentensi ambazo zingeweza kusemwa kwenye mkutano wowote, kuhusu jambo lolote.

Na siku yenyewe, tega sikio kwenye makofi. Yakitoka upande mmoja tu wa turubai, kuna mahali umeegemea. Yakitoka pande zote lakini hakuna aliyesimama kuandika namba, hotuba ilipendwa tu. Karatasi ikianza kuzunguka kabla wali haujapakuliwa, hapo dakika zako tatu zimefanya kazi.